Uzi: Phantom inaacha adui na uhai 10. Tuongelee dameji inavyofifia, risasi ya kichwa na umbali wa kati

Tundu_la_Ukuta

Wakuu, tulifungue hili kwa namba, maana kila likiguswa linaishia kwenye ushabiki wa bunduki.

Kwenye Valorant, nikiwa karibu na adui mwenye ngao kamili, Phantom inamlaza kwa risasi moja ya kichwa. Nikirudi nyuma kidogo, kichwa kilekile kinaandika 140 na jamaa anabaki na uhai 10, ambao unamtosha kugeuka na kunimaliza. Vandal haina tabia hiyo. Lakini kila ninaposoma ushauri nakuta raifo zinasifiwa kuwa ndizo silaha za umbali wa kati, Phantom ikiwemo. Kama dameji yake inaanza kupungua hapohapo umbali wa kati unapoanzia, hiyo sifa inatoka wapi? Na je, hii 4 ya kuzidisha kichwani inasaidia au ndiyo inayoleta balaa?

---

chui_wa_kichaka

Hiyo ni risasi kushuka, mkuu. Risasi ikisafiri mbali inavutwa chini, kwa hiyo ulilenga paji la uso ikaishia shingoni. Lenga juu kidogo ya kichwa, au weka alama ya lenzi kwa mita mia.

---

Mzee_wa_Vizingiti

@chui_wa_kichaka umejibu swali la gemu nyingine. Kwenye PUBG risasi ina mwendo na inashuka kweli, na hapo ushauri wako ni sawa. Valorant risasi inafika papo hapo, haina safari ya kushuka. Kinachoshuka ni dameji. Ukimwambia alenge juu ya kichwa, ataikosa kabisa.

@Tundu_la_Ukuta, namba ulizokutana nazo zinatokana na mgawanyo ambao Phantom ilitoka nao 2020. Hadi mita 15 inapiga 39 mwilini na 156 kichwani. Kuanzia 15 hadi 30 ni 35 na 140. Zaidi ya 30 ni 31 na 124. Vandal ni 40 na 160 popote ulipo. Watengenezaji hugusa namba hizi mara kwa mara, kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu fungua dirisha la kununua silaha, uisimamie bunduki, usome umbali na dameji ya toleo ulilonalo. Njia ya hesabu ninayoitumia hapa haibadiliki hata namba zikibadilika.

Adui mwenye ngao kamili ana 150 kwa jumla. 156 inavuka, 140 haivuki. Hiyo 150 ndiyo kizingiti. Bunduki haijui kwamba umebakiza 10 tu. Kwake, kukosa kwa 10 na kukosa kwa 40 ni kitu kimoja, vyote vinadai risasi ya pili.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Kichwa ni mara nne ya mwili: 39 mara 4 ni 156. Na risasi nne za mwili ni ngapi? Ni 156 hiyohiyo. Kwa hiyo, kwa sababu kizidishio ni 4 kamili, umbali unaokunyang'anya kichwa kimoja ndio huohuo unaokunyang'anya mauaji ya risasi nne za mwili. Ukivuka mita 15 unapoteza vyote viwili kwa hatua moja. Kichwa kinaanza kudai risasi mbili, na mwili unaanza kudai tano. Kizidishio kingekuwa 4.5, kichwa cha 35 kingetoa 157 na ungeendelea kuua kwa kimoja hadi mita 30, huku mwili ukidai tano. Swali lako la mwisho jibu lake ndilo hilo: 4 si balaa, ila imekifunga kizingiti cha kichwa kwenye kizingiti cha mwili.

---

Dakika_Sifuri

Mzee mmemaliza lakini mnakuza mambo. Chukueni dameji kwa sekunde mmalize ubishi. Phantom inatoa risasi 11 kwa sekunde, Vandal 9.75.

Karibu: Phantom 39 × 11 = 429. Vandal 40 × 9.75 = 390.
Mita 15 hadi 30: Phantom 35 × 11 = 385. Vandal 390.

Tofauti ya 5 kwenye 390 ni kama hakuna. Maana yake umbali wa kati zinalingana, na karibu Phantom iko juu. Basi Phantom ndiyo bunduki bora, kazi imekwisha. Hata muda wa kuua ni uleule: risasi nne gawa kwa 11 ni milisekunde 364.

---

Mzee_wa_Vizingiti

@Dakika_Sifuri mazao ya kuzidisha ni sahihi, matumizi ndiyo yanateleza. Kuna makosa mawili, na nitaanza na dogo.

Risasi ya kwanza inatoka pale unapobonyeza, haisubiri chochote. Unachosubiri ni nafasi kati ya risasi na risasi. Risasi nne zina nafasi tatu. Phantom nafasi moja ni milisekunde 91, kwa hiyo risasi nne ni 273, siyo 364. Vandal nafasi moja ni 103 hivi, risasi nne ni 308.

Kosa kubwa ni kudhani dameji inamiminika kama maji. Haimiminiki, inaanguka kwa matone. Ngoja niweke mwili mtupu, bila kichwa, dhidi ya 150:

Karibu ya mita 15, Phantom risasi 4, milisekunde 273. Vandal risasi 4, 308. Phantom mbele kwa 35.

Mita 15 hadi 30, Phantom 35 mara 4 ni 140, haitoshi, inadai ya tano: milisekunde 364. Vandal bado 4, bado 308. Sasa Vandal iko mbele kwa 56.

Dameji kwa sekunde ilikuambia tofauti ni 5 kwenye 390. Saa inakuambia Phantom imechelewa karibu moja ya tano. Tofauti yote hiyo imeletwa na zile 10 zilizobaki.

Na sasa nenda zaidi ya mita 30. Dameji inashuka tena hadi 31. Kwa hesabu yako ni 341 kwa sekunde, yaani bunduki imezidi kuharibika. Lakini 31 mara 5 ni 155. Bado risasi tano, bado 364. Kichwa nacho ni 124, ongeza mwili mmoja wa 31 unapata 155, risasi mbili kama ilivyokuwa kwenye mita 20. Dhidi ya ngao kamili, ngazi ya pili ya kushuka haikukuchukulia chochote. Ile ya kwanza, ambayo ilikata 4 tu mwilini, ndiyo iliyokuumiza.

---

Tundu_la_Ukuta

Aisee. Kwa hiyo kushuka kwa dameji kwenyewe si hoja, hoja ni kushuka kumekuvusha kizingiti au la.

Lakini kuna kitu kinanisumbua bado. Uwanja wa mazoezi nilirudi nyuma hadi mwisho, Phantom ikawa inaua roboti kwa kichwa kimoja kila mara. Kama ni hivyo mbona mechi inakataa?

---

Nusu_Magazini

Roboti zako hazikuwa na ngao. Uhai 100, na kichwa cha mbali kabisa ni 124. Lazima zife. Kuna kitufe cha kuwawekea ngao, kiwashe kisha urudie.

---

Mzee_wa_Vizingiti

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Na @Nusu_Magazini amegusa jambo lenye uzito: kizingiti si cha bunduki peke yake, ni cha bunduki na uhai wa aliye mbele yako.

Chukua adui mwenye ngao nyepesi. Ana 125. Kwenye mita 20, kichwa cha 140 kinamlaza. Kwenye mita 35, kichwa cha 124 kinamwacha na 1. Moja! Na mwili vilevile: 31 mara 4 ni 124, unabaki na 1, unadai risasi ya tano. Kwa hiyo ile ngazi ya pili ambayo dhidi ya ngao kamili ilikuwa haina kazi, dhidi ya ngao nyepesi ndiyo kila kitu, na ile ya kwanza haina kazi, maana 39 na 35 zote zinaua mwenye 125 kwa risasi nne.

Asiye na ngao kabisa, 100: 39 mara 3 ni 117, 35 mara 3 ni 105, zote tatu. 31 mara 3 ni 93, inadai nne.

Ukimkamata mtu akisema "Phantom inakufa baada ya mita 15", muulize ni dhidi ya nani. Raundi ambayo upinzani hauna hela, Phantom ni bunduki nyingine kabisa hadi mita 30.

Ukitaka kupima mwenyewe: fungua gemu ya faragha na rafiki, ruhusu zile amri za majaribio, mnunulie ngao kamili, mwambie asimame. Piga kichwa kimoja, soma namba, subiri arudi na uhai kamili na ngao kamili, rudi nyuma hatua chache, piga tena. Namba itakaa 156, kisha itaruka ghafla kuwa 140. Haiteremki polepole. Ukishauona mruko huo mara mbili tatu, macho yanaanza kuukumbuka umbali bila kuuhesabu. Na ukifa kwenye mechi, ripoti ya mapigano inaonyesha ulimpiga ngapi na wapi. Ukikuta 140 kwa pigo moja la kichwa, umekufa kwa umbali. Ukikuta namba isiyo 156, 140 wala 124, basi kuna ukuta au sanduku risasi ilipitia, maana kupenya nako kunakata dameji. Hilo linamkuta hata mwenye Vandal: 160 ina ziada ya 10 tu juu ya 150, ukipitisha kwenye ubao ziada inaliwa.

---

mlinzi_B

Samahani naingilia na kesi yangu. Mimi niko CS2, natumia M4A1-S. Kichwa kinaandika 92, adui anabaki na 8. Ni kilekile cha Phantom, sivyo? Nilianza kusogea karibu zaidi ili niingie kwenye ngazi ya juu lakini bado 92, au 91. Nisogee hadi wapi?

---

Mzee_wa_Vizingiti

Usisogee tena ndugu yangu, utamkanyaga. Hata ukiweka mdomo wa bunduki kwenye paji lake itaandika 92. Ugonjwa wako unafanana na wa Phantom kwa sura tu. Chako ni kofia.

M4A1-S ina dameji 38. Kichwani haizidishwi kwa 4 kama ndugu zake, inazidishwa kwa 3.475, unapata 132. Kofia inapitisha asilimia 70 ya hiyo: 92. Uhai ni 100. Hakuna umbali utakaokupa 100 hapo. Tazama M4A4: 33 mara 4 ni 132, kofia inabakiza 92. Zote mbili zimewekwa pale kwa makusudi. M4A1-S ilipoongezewa dameji ya mwili kutoka 33 hadi 38, kizidishio cha kichwa kiliteremshwa ili isije ikapata kichwa kimoja juu ya kofia. Wangeiacha 4, ingekuwa 38 × 4 × 0.7 = 106, na mtu wa kulinda angekuwa na AK yake mwenyewe yenye kizuia sauti.

AK kofia inaipitisha zaidi, asilimia 77.5: 36 × 4 × 0.775 = 111.6. Hiyo inavuka. Na hapo ndipo umbali unapoingia, kwa sababu CS haina ngazi, ina mteremko:

```
damage = base * range_modifier ^ (distance / 500)
```

Umbali hapo ni kwa vipimo vya gemu, siyo mita. AK ina `range_modifier` ya 0.98, yaani kila vipimo 500 inabakiza asilimia 98. Ili 111.6 ishuke chini ya 100 unahitaji vipimo kama 2,700. Huo ni umbali mrefu mno, sehemu kubwa ya mapambano haifiki huko. Na kwa sababu kizidishio ni 4, mambo ni yaleyale niliyoyasema juu: risasi nne za kifua chenye fulana, 27.9 kila moja, nazo zinaacha kutosha kwenye vipimo hivyohivyo 2,700. Fundo ni lilelile, limesogezwa mbali tu.

---

mlinzi_B

Kumbe! Basi adui asiye na kofia?

---

Mzee_wa_Vizingiti

Hapo 132 yote inafika, unamlaza kwa kimoja. Ukisogea nyuma sana ndipo umbali unaanza kukudai. Kwako wewe, swali la kwanza kila raundi ni kama wamenunua kofia. Umbali unafuata baadaye.

---

Dakika_Sifuri

Nimekubali kosa la nafasi za risasi, asante. Lakini uzi unauliza umbali wa kati, na hadi sasa mmeonyesha Phantom ni bora karibu, Vandal ni bora kote kwingine, AK haijali. Hakuna hata moja ambayo ni bora "umbali wa kati". Labda hiyo sifa ni maneno ya mtaani tu.

---

kidole_chepesi

Naunga mkono. Mimi naona raifo ni bora umbali wa kati kwa sababu ya teke la bunduki, basi. Karibu hulihisi, mbali huwezi kulidhibiti.

---

Mzee_wa_Vizingiti

@Dakika_Sifuri hoja nzuri. Kwenye gemu ambazo raifo ni ghali na silaha ndogo ni za mwenye njaa, raifo imejengwa iwashinde wadogo karibu kote, ndiyo maana umbali wa kati hauonekani vizuri. Sifa ile inatoka kwenye gemu ambazo kila mtu anachagua silaha yoyote bila kulipa, na kila aina lazima iwe na eneo lake. Nitatumia bunduki tatu za kubuni, namba za mviringo, uhai 100.

Rashasha ndogo: dameji 25 hadi mita 12, kisha 19 hadi mita 25, kisha 15. Risasi 900 kwa dakika, nafasi ya milisekunde 67.

Raifo: dameji 28 hadi mita 40, kisha 24. Risasi 700 kwa dakika, nafasi ya 86.

Bunduki ya mlengaji: dameji 55, haififii popote, risasi 180 kwa dakika, nafasi ya 333. Kichwani mara 2.

Mita 8: rashasha risasi nne, 200. Raifo nne, 257. Mlengaji mbili, 333. Rashasha inatawala.

Mita 20: rashasha sasa inadai risasi sita, 333. Raifo bado nne, bado 257. Mlengaji bado 333. Raifo inatawala, na angalia vizuri: raifo haikuongezeka hata chembe. Imekaa palepale, wenzake ndio wameanguka au hawajafika. Mita 30 rashasha imefika risasi saba, 400.

Mita 50: raifo inadai tano, 343. Mlengaji 333, na akigusa kichwa ni 110, mara moja tu. Mlengaji anatawala.

Kwa hiyo "bora umbali wa kati" maana yake raifo imevuka kizingiti cha risasi nne kwa ziada kubwa kiasi kwamba kufifia hakuigusi hadi mita 40, wakati rashasha ilikuwa imesimama ukingoni kabisa, 25 mara 4 ni 100 kamili bila ziada. Ukikata hata 1 kwenye rashasha imeanguka. Raifo ina 112, unaweza kuikata hadi 25 kabla haijadondoka. Ziada hiyo ya 12 ndiyo umbali wa kati wenyewe.

@kidole_chepesi teke lina kazi yake, nakubali nusu. Lakini hata ukilifuta kabisa, namba hizo hapo juu zinabaki. Teke linakuambia utagonga risasi ngapi kati ya ulizotoa. Kufifia kunakuambia ulihitaji kugonga ngapi.

---

Nusu_Magazini

Mzee ongeza kichwa kwenye raifo yako, maana huko ndiko nionavyo watu wanachagua bunduki vibaya. Wanaona kizidishio kikubwa wanakimbilia.

---

Mzee_wa_Vizingiti

Haya. Raifo ileile ya 28, tuseme kizidishio cha kichwa ni 1.5. Umegonga kichwa kimoja na mwili mara mbili: 42 + 28 + 28 = 98. Adui amebaki na 2. Inabidi ya nne, ni 257 kama vile hukugonga kichwa kabisa. Kichwa chako kimepotea bure.

Panda hadi 1.6: 44.8 + 56 = 100.8. Risasi tatu, milisekunde 171. Nyongeza ya moja ya kumi imekupunguzia theluthi ya muda. Kati ya 1.5 na 1.6 ndipo kizingiti kilipokaa.

Sasa vuka mita 40, dameji 24. Kwa 1.6, kichwa kimoja na mwili mara mbili ni 86. Haitoshi. Ukiongeza mwili wa tatu ni 110, risasi nne. Kwa 1.5 risasi nne ni 108, nazo nne. Yaani baada ya mita 40 bunduki ya 1.5 na ya 1.6 ni sawasawa kwa mtu anayegonga kichwa kimoja. Ubora wa kizidishio kikubwa uliishi ndani ya zile mita 40 tu, ukafa pamoja na dameji ya 28. Kufifia na kizidishio havifanyi kazi kila kimoja kivyake. Kizidishio kinazidisha kile ambacho umbali umekibakiza.

Na ndani ya mita 12 kunakuwa na utata mtamu: raifo yenye kichwa kimoja ni 171, rashasha bila kichwa ni 200. Rashasha ikigonga kichwa kwa kizidishio cha 1.4 inapata 35 + 50 = 85 kwa risasi tatu, bado nne, bado 200. Kwa karatasi, mwenye mkono wa kichwa anaipeleka raifo hadi karibu.

---

kidole_chepesi

Karatasi haikimbii. Mita 6 mtu anapita mbele yako kwa kasi, anaruka, anateleza. Kichwa unakipata wapi? Halafu rashasha inakuacha ukitembea huku unapiga na inainuka haraka kutoka mbio. Hiyo 29 ya tofauti inaliwa na kuinua bunduki tu.

---

Dakika_Sifuri

Hapo nipo na kidole. Na mnasahau kitu: 171 inadai risasi zote tatu zigonge. Ukikosa moja umerudi 257. Rashasha ikikosa moja inaongeza 67 tu, 267. Zimelingana.

---

Mzee_wa_Vizingiti

Sawa, sibishi. Mita 6 sitaki raifo hata mimi. Nilichosema ni kwamba namba haziikatazi.

---

bomba_refu

Swali la haraka. Nimeweka kile kirefusho cha mdomo kwenye raifo, kinaongeza umbali wa dameji asilimia 10 lakini bunduki inachelewa kuinuka. Kinafaa?

---

Nusu_Magazini

Kinakusogeza kutoka mita 40 hadi 44 kwa mfano wa Mzee. Hakiongezi dameji popote pengine. Unapigana mara ngapi kati ya mita 40 na 44? Kama ramani yako ina dirisha la umbali huo na ndilo unalolinda, weka. Vinginevyo unalipa kwa kuchelewa kwenye kila pambano ili ununue mita nne. Na kama ngazi inayosogezwa ni ile isiyovuka kizingiti chochote, kama ile ya pili ya Phantom dhidi ya ngao kamili, unalipa bila kununua kitu. Kabla hujakifunga, hesabu risasi za kuua kabla na baada ya ngazi. Zikiwa sawa, kitoe.

---

bomba_refu

Nimeangalia. 4 na 4. Nimekitoa.

---

Tundu_la_Ukuta

Turudi kwenye Phantom na Vandal, mita 15 hadi 30, ngao kamili. Nimeelewa Vandal mwili ni 308 dhidi ya 364, na kichwa ni kimoja dhidi ya viwili. Basi hakuna sababu ya kushika Phantom kwenye umbali huo, sivyo?

---

kidole_chepesi

Sababu ipo. Phantom haitoi mistari ya risasi kwa adui, ina risasi 30 dhidi ya 25, na ukimimina inatulia kuliko Vandal. Ukimimina ndani ya moshi kwa mita 20, adui hajui unapiga kutoka wapi. Hayo hayamo kwenye milisekunde.

---

Mzee_wa_Vizingiti

Na yapo mengine yaliyomo. Vandal ikikosa risasi moja kati ya tano, 308 inakuwa 410. Phantom isiyokosa ni 364. Kwa hiyo swali ni kama utulivu wa Phantom unakuokolea angalau risasi moja kwa kila mmimino. Anayegonga kichwa kwanza hana haja ya swali hilo, 160 inamtosha, achukue Vandal. Anayeanza kifuani akapanda, Phantom inaweza kumlipa hata mita 25: kichwa cha 140 kikitanguliwa au kufuatwa na risasi yoyote ya mwili, kazi imekwisha, na ya pili inakuja baada ya 91 tu.

---

Dakika_Sifuri

91 ambazo adui naye ana Vandal na anahitaji moja tu.

---

kidole_chepesi

Kama anaona unapiga kutoka wapi.

---

Dakika_Sifuri

Kwa mita 20 bila moshi anakuona, hata mistari isipokuwepo.

---

Tundu_la_Ukuta

Nimefanya lile jaribio na rafiki sasa hivi. Mruko niliuona mahali ambapo siku zote nilipaita "karibu". Nafasi yangu ya kulinda imekaa hatua tatu nyuma ya mstari. Nasogeza nafasi kwanza, bunduki nitaamua kesho.

---

chui_wa_kichaka

Wakuu, na kwenye PUBG je, dameji nayo inafifia au ni kushuka tu?

---

Nusu_Magazini

Vyote viwili. Ila huo fungulia uzi wake, huu umeshajaa.